Pedi ya kufua isiyovuja pembeni: pamba juu, flaneli katikati, kizuia maji chini

Wiki hii binti wa jirani hapa Kondele aliniletea pedi aliyojishonea. Flaneli yake ilikuwa nzuri na mgongo haupitishi maji, lakini ilimvujia ubavuni. Tuliishona upya hivi.

1. Fua pamba na flaneli kabla ya kukata, maana zikifuliwa zitapungua. Usitie dawa ya kulainisha nguo, huziba nyuzi. Kisha dondoshea maji: yakibingirika badala ya kuzama, huenda kitambaa hicho ni poliesta hata kama ni laini kama flaneli. Pale sokoni Kibuye, nunua shuka za mitumba za pamba tupu.

2. Kata. Pamba nyembamba ya juu na kizuia maji cha chini vitoshane: urefu sentimita 25, upana wa katikati 9 bila mabawa. Flaneli kata vipande vitatu vya sentimita 21 kwa 5. Mimi siweki flaneli juu. Inanyonya vizuri, lakini ikilowa hubaki na unyevu mwilini. Pamba nyembamba huupitisha chini upesi.

3. Hapa ndipo pedi nyingi huharibika. Shona flaneli kwenye pamba ya juu peke yake, kabla kizuia maji hakijafika mezani. Yule binti alipitisha mshono katikati ya tabaka zote, na kila tundu la sindano likawa mlango. Uzi wake pia ulikuwa wa pamba, nao huvuta maji kama utambi wa taa. Tumia wa poliesta. Tena flaneli yake ilifika hadi ukingoni, ikanaswa kwenye mshono na kupeleka damu moja kwa moja kwenye chupi. Baada ya kushona, ukingo wa flaneli ubaki mbali na mshono kwa sentimita 1 hivi kila upande.

Sasa geuza pamba flaneli iwe chini, laza kizuia maji juu ya pamba, upande unaong'aa ukikutazama, ili ukigeuza pedi uwe ndani ukigusa flaneli. Usitumie pini katikati. Shika kingo kwa vibanio vya nguo. Shona kuzunguka, acha nafasi ya vidole vitatu, geuza, kisha pitisha mshono mmoja karibu kabisa na ukingo, usiguse flaneli.

4. Weka vifungo kwenye mabawa.

5. Jaribu. Mimina vijiko viwili vya chai vya maji polepole katikati, subiri dakika tano, kisha ikandamize juu ya karatasi ya shashi. Alama ikitokea ubavuni, flaneli imegusa mshono. Ikitokea katikati, kizuia maji kimetoboka. Juu pakibaki maji yasiyozama, rudi hatua ya 1.

Loweka kwa maji baridi, kwani maji ya moto hugandisha damu kwenye nyuzi. Anika juani na usipige pasi upande wa mgongo. Ya binti tuliijaribu mara mbili. Karatasi ilibaki kavu, ila flaneli tatu zilichelewa kukauka, kwa hiyo za mchana tumepunguza hadi mbili.