Kabla ya kuacha vidonge vya majira, andaa ngozi
Vidonge vya majira vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, hupunguza nguvu ya androjeni, homoni inayochochea mafuta usoni. Ukiviacha, kinga hiyo huondoka, ila chunusi haziji siku hiyohiyo. Mara nyingi huibuka mwezi wa pili au wa tatu, hasa kidevuni na kwenye taya, ndiyo maana wengi huilaumu sabuni mpya.

Kama una historia ya chunusi, anza krimu ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 wiki nane hivi kabla ya kuacha: kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku. Hupausha nguo, kwa hiyo tumia foronya nyeupe. Adapalini, dawa nyingine ya chunusi ya kupaka, usiitumie kama unaacha vidonge ili upate mimba.