Kufunga insati kwenye mbao ili mguu wa meza ufunguliwe na kurudishwa bila kulegea

Skrubu ya mbao ukiifungua na kuirudisha mara tano sita, tundu limeshachoka, mguu unacheza. Dawa yake ni insati, yaani kile kibomba cha chuma chenye nyuzi nje za kung'ata mbao na nyuzi ndani za kupokea bolti. Hapa nafunga insati ya M8, yaani ya bolti yenye unene wa mm 8, yenyewe ina urefu wa mm 15, chini ya uso wa meza wenye unene wa mm 30, na mguu una pleti ya mm 3.

Kwanza pima insati usiamini pakiti. Kinachokuhusu ni kiini, yaani unene wa kibomba bila nyuzi za nje, sio ncha za nyuzi. Yangu kiini ni mm 10.2, kwa hiyo mbao laini natoboa na biti ya 10, mbao ngumu 10.5. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mbao hiyohiyo, maana nusu milimita tu inaamua: likibana sana mbao inapasuka, likilegea insati inazunguka tu.

Weka pleti mahali pake, tia alama katikati ya matundu, usisogelee sana ukingo. Funga selotepu kwenye biti iishie mm 18, toboa wima kabisa, alafu panua mdomo wa tundu kidogo na biti kubwa. Hiyo hatua watu wanairuka, na nyuzi zikiingia zinainua mbao, inatokea kijivimbe na pleti haikai sawa.

Sasa kuzamisha. Mimi nilianza na bisibisi kwenye ule mfereji wa juu, insati ya shaba, mbao ngumu, ikakatika nusu imeingia nusu iko nje, nikaishia kuitoa na koleo huku natukana. Siku hizi nachukua bolti ya M8, naivisha nati, naiingiza kwenye insati, nakaza nati ishuke ibane insati, afu nazungusha kichwa cha bolti na spana. Simamisha skwea pembeni, kila nusu mzunguko angalia bolti haijalala, maana mizunguko miwili ya kwanza ndio inaamua. Mbao ngumu paka sabuni kavu kwenye nyuzi. Zama mpaka iwe chini ya uso kama mm 1, ikibaki juu pleti itakalia insati badala ya mbao.

Kutoa bolti: shika kichwa kisizunguke, legeza nati kwanza. Ukianza na bolti insati inatoka nayo.

Bolti ya mguu iwe mm 20, toa pleti 3 na wosha 2, zinaingia 15 na haigusi mwisho wa tundu. Ikigusa, unahisi imekaza kumbe inaisukuma insati juu.

Insati ikizunguka, itoe, paka epoksi nje tu, ndani weka bolti iliyopakwa nta, rudisha, acha ikauke mpaka kesho ndo ukaze.