Matundu ya vifungo yanayolingana kwenye ukanda wa kardigani: njia mbili

Watu wengi huanza na swali la namna ya kutoboa tundu. Mimi huanza na vifungo vyenyewe. Vinunue kabla ya kufuma ukanda, maana ndivyo vinavyoamua ufuate njia ipi: kuzungusha uzi, ambako tundu huwa dogo na laini, au tundu la safu moja, ambalo huwa refu na lenye kingo imara. Idadi ya vitanzi kati ya tundu na tundu nayo hutegemea njia uliyochagua, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Ni kardigani ya mtu mzima, ya uzi wa unene wa kati, vitanzi 22 hivi kwa sentimita 10. Ukanda unaokotwa kwenye ukingo wa kipande cha mbele cha kulia, kutoka chini hadi shingoni. Unafumwa kwa ribu ya moja kwa moja, yaani kitanzi kimoja cha mbele (kile chenye umbo la V) na kimoja cha nyuma (kile chenye kinundu), na tunataka matundu 7. Okota vitanzi 3 kwa kila safu 4 za ukingo, kisha rekebisha kidogo upate vitanzi 97. Ukiutazama ukanda kwa upande wa nje, kitanzi cha kwanza na cha mwisho viwe vya mbele, ili ncha zote mbili zifanane.

Hatua ya 1: Hesabu kabla ya kushika sindano

Tundu la safu moja tutalipa vitanzi 3. Matundu 7 yatachukua vitanzi 21. Tukiacha vitanzi 5 chini na 5 juu, jumla ni 31. Toa 31 kwenye 97, inabaki 66. Kati ya matundu 7 kuna nafasi 6, kwa hiyo kila nafasi ni vitanzi 11.

Sasa jumlisha tundu na nafasi yake: 3 na 11 ni 14, namba shufwa. Usilipuuze hilo. Kuna kardigani niliyowahi kuifuma kwa vitanzi 101, nafasi za vitanzi 12 na matundu ya vitanzi 3. Hesabu ilitoka sawasawa kabisa, lakini 12 na 3 ni 15. Tundu la kwanza likaanzia kwenye kitanzi cha mbele, la pili kwenye cha nyuma, la tatu kwenye cha mbele. Kwa rula yalilingana, kwa macho yalionekana kama yanayumba. Niliufumua ukanda wote. Kwenye ribu ya moja kwa moja, tundu pamoja na nafasi yake lazima viwe namba shufwa, ili kila tundu lianguke mahali pamoja kwenye mistari ya ribu. Kwa vitanzi 97 tulivyopanga, kila tundu linaanza kwenye kitanzi cha nyuma, na kingo zake mbili zinashikwa na vitanzi vya mbele. Linakaa kama limewekewa fremu.

Hesabu ikikataa kugawanyika, peleka vitanzi vilivyozidi chini ya tundu la kwanza, au okota vitanzi zaidi au pungufu. Usivifiche kwenye nafasi moja ya katikati, kwani jicho huiona mara moja.

Hatua ya 2: Fuma safu 3, kisha uweke alama

Safu ya 1 ni ya upande wa ndani. Safu ya 4, ya upande wa nje, ndiyo ya matundu, na baada yake fuma safu nyingine 3 kabla ya kufunga vitanzi. Hivyo matundu yanakaa katikati ya ukanda. Kabla ya safu ya 4, funga kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye kitanzi cha 6, cha 20, cha 34, cha 48, cha 62, cha 76 na cha 90. Hapo ndipo kila tundu linapoanzia.

Hatua ya 3: Tundu la safu moja

Fuma vitanzi 5. Lete uzi mbele, hamisha kitanzi kinachofuata kwenda sindano ya kulia bila kukifuma, kisha rudisha uzi nyuma na uuache hapo. Hamisha kitanzi kingine, halafu kivushe kile cha kwanza juu yake kidondoke. Endelea hivyo hadi vitanzi 3 viwe vimedondoka. Kitanzi cha mwisho ulichohamisha, kirudishe kwenye sindano ya kushoto.

Geuza kazi na upeleke uzi nyuma. Sasa anzisha vitanzi 4, kimoja zaidi ya ulivyofunga. Kwa kila kimoja, ingiza sindano kati ya vitanzi viwili vya kwanza, vuta uzi, na ukiweke kitanzi kipya kwenye sindano ya kushoto. Kabla ya kukiweka cha 4, pitisha uzi uje mbele. Ukisahau hapo, utakuta uzi umekatiza mahali pasipotakiwa kwenye kona ya tundu.

Geuza tena. Hamisha kitanzi cha kwanza cha kushoto bila kukifuma, kisha vusha kile kitanzi cha ziada juu yake. Vuta uzi ukaze. Kona iliyolegea ndiyo inayolifanya tundu lipanuke baada ya miezi michache, na kitanzi hicho cha ziada kipo kwa ajili ya kuifunga kona hiyo.

Kitanzi ulichokihamisha mwisho ni cha kwanza katika nafasi ya vitanzi 11. Kwa hiyo fuma 10 tu, kisha anza tundu linalofuata. Baada ya tundu la mwisho utafuma 4. Hesabu safu nzima: lazima viwe 97.

Hatua ya 4: Au, kwa kuzungusha uzi

Hapa tundu linatumia vitanzi 2, hivyo nafasi inakuwa 12 na jumla ni 14 ileile. Alama zinabaki palepale.

Fuma vitanzi 5. Cha tano ni cha mbele. Lete uzi mbele kati ya sindano, upitishe juu ya sindano ya kulia, na papo hapo fuma vitanzi viwili vinavyofuata pamoja, kwa namna ya kitanzi cha mbele. Kati ya hivyo viwili, cha mbele hulala juu na kukificha cha nyuma, na uzi uliozungushwa unashika nafasi ya kile cha nyuma. Tundu linazama kwenye bonde la ribu, halionekani mpaka ukanda uvutwe. Fuma 12, rudia, na umalizie na vitanzi 6.

Safu inayofuata, uzi uliozungushwa ufume kama kitanzi cha kawaida, ukiingiza sindano kwenye mguu wake wa mbele. Ukiingiza kwenye mguu wa nyuma unausokota, na tundu linafumba. Ukihesabu na kukuta 96, kuna mahali ulisahau kuzungusha uzi.

Ipi kwa kazi ipi?

Kwa uzi huu, tundu la kuzungusha uzi hupokea vizuri kifungo cha milimita 12 hadi 15. Kwa nguo za watoto wachanga sitafuti njia nyingine. Kikizidi hapo, kila kufunga na kufungua kunauvuta uzi mmoja uleule, na tundu hulegea. Tundu la safu moja la vitanzi 3 linafaa kwa milimita 18 hadi 20, na ndilo ninalolitumia kwa kardigani ya mtu mzima. Hata hivyo, jaribu kwanza kwenye kipande cha vitanzi 15. Kifungo kipite kwa kubanwa kidogo, maana ribu itaachia kadiri nguo inavyovaliwa.

Hatua ya 5: Kushona vifungo

Laza kanda mbili moja juu ya nyingine, ncha za chini na za juu zikutane, na uchome pini kupitia kila tundu. Kwa tundu la safu moja, ambalo kwenye ukanda huu linasimama wima, choma karibu na ncha ya juu na si katikati. Uzito wa nguo huushusha ukanda hadi kifungo kigote juu ya tundu. Ukikishona katikati, ukanda wenye matundu utaning'inia chini ya ule wenye vifungo.