SOMO: Actuellement, librairie, sympathique: maneno ya Kifaransa yanayomnasa anayefikiri kwa Kiingereza

Maswali kuhusu maneno haya, yanayofanana na ya Kiingereza lakini yenye maana nyingine, yanarudi kila wiki, kwa hiyo nayamaliza hapa.

1. Librairie ni duka la vitabu. Maktaba ni bibliothèque.

2. Sympathique, au sympa kwa kifupi, ni mtu mchangamfu anayependeka. Mwenye huruma ni compatissant.

3. Actuellement. Hapa tukae kidogo. Maana yake ni "kwa sasa". "Kwa kweli" ni en fait, na ile t ya mwisho hutamkwa. Ubaya wa kosa hili ni kwamba sentensi hubaki safi kisarufi, hivyo hakuna anayekusahihisha. Dada anaulizwa habari za mumewe, anajibu: "Actuellement, je ne suis pas mariée." Alikusudia kusema kwamba kwa kweli hajaolewa. Aliyeuliza amesikia "kwa sasa sina mume", na huenda akadhani ameachika. Alipaswa kusema: "En fait, je ne suis pas mariée."

Kipimo: weka "kwa sasa" kwenye sentensi yako ya Kiswahili. Ikigeuza ulichokusudia, tumia en fait. Onyo: kosa hujificha kitenzi kikiwa cha wakati uliopo. Kwenye wakati uliopita hujianika lenyewe: "Actuellement, il est parti hier" ni sawa na "kwa sasa aliondoka jana".

MASWALI

— Kwa hiyo actuellement si sawa na "actually"?
Hatua ya 3. Isome.

— Mkuu, nimemwandikia mwenye nyumba "Je vous paierai éventuellement". Mbona kanuna?
Umemwambia huenda ukamlipa, ikitokea. Éventuellement ni "pengine", siyo "hatimaye". Wala usikimbilie finalement: "Finalement, je vous paierai" inasikika kama ulikuwa umegoma, sasa umebadili mawazo. Mpe tarehe tu: "Je vous paierai le 30."

— Kamusi ya simu yangu haisemi hivyo.
Tafuta neno kuanzia upande wa Kifaransa, halafu soma mifano yake. Usiishie kwenye neno la kwanza.

— Samahani mwalimu, mbona librairie na neno la Kiingereza la maktaba vinafanana hivyo? Ni bahati tu?
Swali zuri. Si bahati, Kiingereza kililichukua neno hilo kwa Wafaransa. Zamani librairie ilikuwa pia na maana ya chumba cha vitabu. Mwandishi Mfaransa Montaigne, katika karne ya 16, aliita hivyo maktaba ya nyumbani kwake. Baadaye Wafaransa wakaiachia bibliothèque kazi hiyo, librairie ikabaki dukani. Waingereza wakabaki na maana ya kale.

— Nimeandika "J'ai passé mon examen", rafiki yangu wa Bujumbura ananiuliza matokeo yanatoka lini!
Ana haki. Passer un examen ni kufanya mtihani. Kama umefaulu, mwandikie "J'ai réussi mon examen", ndipo akupongeze.