Sufuria moja ya mbaazi, siku sita za ugenini

Mpwa wangu anaondoka Lamu mwezi ujao kwenda kusoma Uingereza, na mamake ameshamjazia begi samli na nyama kavu. Nimevitoa vyote. Nyama na vitu vya maziwa kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia kule, vikionekana hunyang'anywa. Abebe binzari, iliki na pilipili manga. Mbaazi atazikuta huko huko.

Nilifanya kazi za usiku za kuhudumia wazee kule kwa miaka minne. Mwaka wa kwanza nilikula mkate, tambi za pakiti na chai ya maziwa, nikapungukiwa damu hadi ngazi moja ikinitoa pumzi. Kilichoninusuru ni mbaazi za nazi, sufuria moja kila Jumapili.

Hatua ya 1: Nunua. Nenda maduka ya Wahindi au ya watu wa Karibi. Ukitafuta mtandaoni andika `gungo peas`. Ukiandika `toor dal` utaletewa zilizokobolewa na kupasuliwa, ambazo huiva upesi ila hupondeka. Chukua nusu kilo ya mbaazi kavu, kopo moja la tui la mililita 400, vitunguu, nyanya za kopo, mfuko wa spinachi ya barafu na makopo mawili ya dagaa wa mafuta. Usiione spinachi ya barafu kuwa duni: hugandishwa mara tu baada ya kuvunwa, haiozi, na unachota kiasi unachotaka. Kwenye rafu usisome bei ya pakiti, soma ile ndogo ya chini yake inayoonyesha bei kwa kilo.

Hatua ya 2: Roweka na uchemshe. Loweka Jumamosi usiku kwa maji mengi. Asubuhi yamwage, tia mapya, chemsha kama saa moja mpaka mbaazi ibonyee kwa vidole. Ukikosa mbaazi ukachukua maharagwe mekundu, usiyaweke kwenye jungu la umeme la moto mdogo. Yana sumu ambayo moto huo hauiui. Lazima yatokote kwa nguvu angalau dakika kumi kwanza, la sivyo utatapika kutwa.

Hatua ya 3: Tui. Kule hakuna mbuzi wala kifumbu, lakini kopo lina siri. Liache mahali pa baridi, usilitikise. Likitulia, juu huganda zito na chini hubaki majimaji. Hayo majimaji ndiyo tui jepesi: pikia mbaazi pamoja na kitunguu, nyanya na binzari. Zito tia mwisho, na nusu yake tu yatosha, kwani mafuta yake ni mengi na wewe huendi baharini kuvuta nyavu. (Makopo mengine yametiwa kitu cha kuzuia tui lisijitenge. Hayo tia tu kidogo kidogo.)

Hatua ya 4: Gawa. Nusu kilo ya mbaazi kavu ina protini kama gramu 105. Igawe katika vibweta sita, kila kimoja kinabeba gramu 17 hivi. Ukila na wali, nafaka na mbaazi hukamilishana. Vibweta viwili friji, vinne kwenye barafu, ndani ya saa mbili baada ya kuipua.

Hapa ndipo watu wetu huumia: kiporo. Kwetu sufuria ya wali hulala jikoni, asubuhi ikapashwa. Wali una vijidudu vinavyostahimili kuchemshwa, na ukikaa nje hutoa sumu ambayo kupasha hakuiondoi. Utandaze kwenye sinia upoe, uingie friji ndani ya saa moja, ule kesho yake. Usingoje unuke, maana hauonyeshi dalili.

Hatua ya 5: Unapokula. Kabla ya kupasha kibweta, tupia konzi ya spinachi. Kamulia ndimu au maliza kwa chungwa, kwani vitamini C husaidia mwili kuchukua chuma cha mbaazi. Chai ndiyo adui: inakizuia chuma hicho. Ingoje saa moja. Kwangu mimi hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Siku mbili za juma badilisha mbaazi kwa dagaa, uwale pamoja na mifupa yao, yenye kalsiamu.

Kuanzia Oktoba hadi Machi jua la kule halitoshi kutengeneza vitamini D, na sisi weusi na tunaojifunika ndio hupungukiwa zaidi. Tumia kidonge cha mikrogramu 10 kwa siku.

Vidonge vya chuma usijinunulie kwa kukisia. Ukichoka hadi ngazi ikutoe pumzi wiki mbili mfululizo, mwone daktari upimwe damu. Mimi nilipopimwa tena baada ya miezi ya mbaazi na vidonge alivyonipa daktari, ngazi ile niliipanda nikiwa na mfuko wa mchele begani.