Anza na jedwali, kitabu kifuate

Ukipewa hati ya bima, usianze na kile kitabu kinene. Hicho huchapwa kimoja kwa wateja wote. Anza na jedwali, yaani karatasi yenye jina lako, mali iliyokatiwa bima, kiwango cha fidia na tarehe. Chini yake mara nyingi kuna mstari mdogo wa namba za nyongeza, yaani karatasi zinazobadilisha maneno ya kitabu kwa mkataba wako, na hapo ndipo penye mambo.

Chukua bima ya duka. Kitabu kinasema wizi wa kuvunja unalipwa. Jedwali linataja Nyongeza Na. 7, na ukiisoma, inasema wizi utalipwa tu ikiwa king'ora kilikuwa kimewashwa duka lilipofungwa. Sahau kukiwasha usiku mmoja, na dai linaweza kukataliwa hata kama kufuli limekatwa vipande viwili. Maneno yaliyoandikwa mahsusi kwa mkataba wako hushinda yale ya jumla.

Kwa hiyo linganisha namba za kwenye jedwali na karatasi ulizonazo. Namba ipo, karatasi haipo? Iombe kwa maandishi. Nyongeza mbili zikipingana, kwa kawaida hufuatwa ile ya tarehe ya karibuni.