Tumbo kujaa gesi baada ya kula: andika na saa

Unapoweka kumbukumbu ya vyakula, andika pia saa uliyoanza kula, uliyomaliza na tumbo lilipoanza kujaa. Likijaa papo hapo, kwa mbweu nyingi, baada ya mlo uliomalizwa kwa dakika 7, shuku kwanza hewa uliyoimeza kwa haraka, kisha urudie mlo uleule kwa dakika 20. Likijaa saa kadhaa baadaye, pamoja na ushuzi, shuku maharage, vitunguu au maziwa, ambavyo bakteria wa utumbo mpana huvichachusha. Daftari halitoshi (nami nisingelisubiri) ikiwa tumbo halipungui kabisa, uzito unashuka, unatapika au choo kina damu: muone daktari, hasa mwanamke aliyevuka miaka 50, kwani saratani ya ovari huweza kujitokeza hivyo.